Roketi, vimetameta na balbu: kwa nini posti ya kweli inasomeka kama majigambo

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa ununuzi, nina miaka 31, niko Dar es Salaam. Mwaka jana nilihudhuria mafunzo ya kujitangaza kitaaluma, tukafundishwa kupamba posti za LinkedIn ili zivute macho: roketi mwanzoni, vimetameta kwenye mafanikio, balbu kwenye funzo. Nimefanya hivyo miezi minane na laiki zimeongezeka. Juzi bosi wangu wa zamani, mama ninayemheshimu sana, akaniambia: 'Mwanangu, siku hizi unajisifu mno. Nikiona roketi zako napita.' Niliumia, maana sijawahi kuandika uongo. Ni wivu? Ni tofauti ya kizazi? Au kuna kitu sikioni? Na nikiziondoa, si nitapotea kabisa? Nimeambatisha posti moja uione."*

Marahaba, dada. Tuanze na maneno ya huyo mama, kwa sababu amekuambia jambo ambalo wasomaji wengi hawalisemi. Hakusema posti zako ni za uongo. Alisema akiona roketi anapita. Yaani anaamua kabla hajasoma neno hata moja. Wivu hauendi hivyo. Mwenye wivu husoma mpaka mwisho, tena mara mbili, akitafuta kasoro. Mama huyu hajafika hata kwenye mafanikio yako ili ayaonee wivu, amezuiwa mlangoni.

Kinachomzuia ni aina ya emoji ulizochagua. Ukimwandikia shoga yako kwenye WhatsApp "nimekosa basi 😂" au "asante sana 🙏🏾", emoji inafanya kazi ya uso na mikono, vitu ambavyo maandishi yamevinyima nafasi. Inamwambia msomaji wewe uko katika hali gani: unacheka, unashukuru, una huzuni. Hayo ni mambo yako, na hakuna anayeweza kukubishia kuhusu hisia zako mwenyewe. Lakini roketi haina uso. Hakuna binadamu anayekunja uso ukawa roketi. Roketi haisemi lolote kuhusu hali yako, inasema kuhusu thamani ya jambo: hili linapaa. Vimetameta vinasema: hili linang'aa, si la kawaida. Balbu inasema: hapa pana hekima. Zote tatu ni hukumu, na ni hukumu juu ya kazi yako mwenyewe, iliyotolewa na wewe mwenyewe, tena kabla ya ushahidi kuletwa.

Angalia balbu kwa karibu. Mwaka 2019 LinkedIn iliongeza alama za kuitikia posti mbali na ile laiki ya kawaida, na moja yake ilikuwa balbu. Inaitwa `Insightful`, na kazi yake ni kumpa msomaji njia ya kusema, "hapa umenifumbua macho." Balbu hiyo ni zawadi, na iko mkononi mwa msomaji. Mwandishi anapoiweka mwenyewe mbele ya sentensi yake, ameichukua zawadi hiyo na kujivisha. Msomaji huenda asiweze kueleza kilichomkera, lakini anahisi amepokonywa kitu: haki ya kuamua kama alichosoma kina maana. Ni kama mgeni aliyefika mezani, na kabla hajaonja pilau mwenyeji anamwambia ni tamu kupindukia. Pilau inaweza kuwa tamu kweli. Ila sasa mgeni anaionja akiwa na deni la kukubali.

Kiswahili chetu kina neno linaloeleza jambo hili vizuri: kujipigia debe. Nenda stendi yoyote ya daladala umwangalie mpiga debe. Anapiga bodi la gari, anaita abiria, na hakuna anayemwona ana majivuno, kwa sababu gari si lake na sifa si zake. Sasa mweke dereva mwenyewe asimame juu ya kiti apige bodi akitangaza kwamba yeye ndiye dereva hodari kuliko wote njia hii. Huenda ni kweli, lakini abiria watasita. Roketi ikiwa kwenye posti ya mtu anayempongeza mwenzake, ni mpiga debe. Roketi hiyohiyo kwenye posti yako juu yako, ni dereva.

Nisieleweke kwamba utamaduni wetu hauna nafasi ya mtu kujisifu. Upo utanzu mzima wa fasihi simulizi unaoitwa majigambo au vivugo, na Wahaya na Wanyankole wanajulikana sana kwa utanzu huo. Lakini mwenye kujigamba anasimama mbele ya watu wanaomjua, katika hafla inayojulikana, na anataja matendo. Waliokuwepo wanayapima aliyoyataja kwa yale waliyoyaona. Kinachobeba majigambo ni tendo lililotajwa. Roketi inabeba kelele ya majigambo bila tendo lenyewe, mbele ya watu wasiokujua na wasio na njia ya kuhakiki.

Umeuliza kuhusu kizazi. Nadhani umri si kiini, ila kila emoji ina mahali ilikopita, na msomaji anaisoma pamoja na historia hiyo. Roketi ilizoeleka katika kampuni changa za teknolojia kwa maana ya kuzindua bidhaa, na hapo ilikuwa na kazi yake. Halafu ikaingia kwa wachuuzi wa sarafu za mtandaoni na wacheza hisa. Januari 2021, hisa za kampuni ya Kimarekani ya GameStop ziliposukumwa juu na wawekezaji wadogo waliokusanyika mtandaoni, majukwaa yao yalijaa roketi. Tarehe 27 mwezi huo hisa moja ilifunga soko ikiwa zaidi ya dola 340; ndani ya Februari ikashuka hadi karibu dola 40. Kwa hiyo mtu wa fedha akiona roketi leo, hawazi tu kupaa. Anawaza mtu anayetaka wengine wapande kabla hawajauliza maswali. Vimetameta navyo vina shida tofauti. Asili yake ni Japani, kwenye michoro ya katuni ambako vilionyesha kitu kisafi, kipya au cha kupendeza. Lakini vijana wa mtandaoni wamezoea kulizungushia neno vimetameta pande zote mbili kwa kulikejeli. Mtu wa miaka 22 anaweza kusoma "✨uongozi✨" akadhani unaufanyia uongozi mzaha. Unaona, mama wa miaka 55 anakerwa kwa sababu yake, na binti wa miaka 22 kwa sababu yake. Umri umebadilisha sababu, haujaondoa kero.

Sasa swali lako zito zaidi: kuna kitu hukioni? Ndiyo, na karibu kila mtu hakioni akiwa upande wako. Mwaka 2015 watafiti watatu, Irene Scopelliti, George Loewenstein na Joachim Vosgerau, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hasa. Waligundua kwamba mtu anayesimulia mafanikio yake huzidisha makadirio ya furaha anayoipata msikilizaji, na hupunguza makadirio ya kero. Chanzo chake hakina ubaya wowote. Unapoandika habari njema yako, wewe una furaha kweli, na unadhani furaha hiyo inasafiri na maneno. Unaweka roketi kwa sababu ndani yako kuna roketi. Msomaji hana kitu hicho ndani yake. Yuko kwenye foleni Ubungo, simu mkononi, na hajui ulichopitia. Anachopokea si furaha yako, ni tangazo la furaha yako. Katika jaribio mojawapo, watu walioombwa kuandika maelezo yao binafsi kwa namna ya kuwavutia wengine zaidi ndio waliojisifu zaidi, na wasomaji hawakuwapenda sana kama walivyowapenda wengine. Kwa hiyo usijilaumu. Wewe hukuongopa, ila umepima kwa kipimo cha moyo wako badala ya macho ya mwingine.

Mafunzo yaliyokuambia emoji huvuta macho hayakukosea kabisa, yaliishia nusu ya njia. Rangi katikati ya maandishi meusi huvuta jicho, hilo ni kweli. Lakini jicho hujifunza. Mwaka 1998 Jan Benway na David Lane wa Chuo Kikuu cha Rice waliwapa watu kazi ya kutafuta habari kwenye kurasa za mtandao, na habari yenyewe wakaiweka ndani ya bango kubwa lenye rangi juu ya ukurasa. Watu wengi hawakuliona. Macho yao yalishajifunza kwamba kinachowaka ni tangazo, na tangazo si kitu walichokuja kutafuta. Ndicho kilichotokea kwa roketi. Ilipokuwa ya wachache, ilisimamisha kidole. Sasa imekuwa sare, na anayeivaa anahesabiwa pamoja na wote wanaoivaa: muuza kozi, mwenye dili la fedha za haraka, mtu anayetangaza kwamba ametangazwa. Niliwahi kukaa kando ya dada mmoja anayeajiri, akipitia simu yake asubuhi. Kidole chake kilikuwa kinatelezesha kwa mwendo uleule. Kilichelewa kwenye posti iliyoanza na jina la mashine na kiasi cha hasara, kikapita posti tatu za vimetameta bila kupunguza mwendo. Nilipomuuliza zilihusu nini, hakuweza kunitajia hata moja.

Tuje kwenye posti yako uliyoniambatishia. Umeniruhusu kuitumia, nimeondoa jina la kiwanda:

"🚀🚀🚀 Nina furaha isiyo kifani kuwatangazia kwamba nimeongoza mageuzi makubwa ya ugavi! 🚀
✨ Muda wa kupokea vipuri umepungua kwa 40%
✨ Timu yenye ari na maono
💡 Funzo: Ukithubutu, hakuna lisilowezekana!"

Kwenye simu, LinkedIn huonyesha mistari michache tu ya kwanza, kisha hukata. Msomaji anaamua kwa mistari hiyo kama abonyeze kuona zaidi. Wewe nafasi hiyo umeijaza roketi nne, furaha yako, na neno "mageuzi makubwa". Hakuna kipuri, hakuna siku, hakuna tatizo. Kitu pekee chenye uzito, ile 40%, kimekaa chini ya ukingo, na hata hicho hakina mwili: 40% ya nini? Anayefanya kazi yako anajua kwamba kutoka siku 5 hadi 3 ni 40%, na kutoka siku 100 hadi 60 ni 40%, na hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Halafu balbu imewekwa mbele ya sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu jambo lolote. Hapo ndipo majigambo yanaposikika zaidi, kwa sababu alama inaahidi hekima na sentensi haina.

Nilikuandikia kukuuliza 40% hiyo ilitoka wapi. Jibu lako lilikuwa bora kuliko posti yenyewe. Ukaniambia vipuri vya mashine za kufungashia vilichukua siku 35 tangu oda hadi kuingia ghalani, sasa ni siku 21. Ukaniambia ulikaa na faili za oda kumi na mbili ukaandika tarehe ya kila hatua kwenye daftari, ukakuta karatasi zinalala wastani wa siku 11 zikisubiri sahihi ya tatu, ambayo kwa oda ndogo haikuwa ya lazima. Siku 3 nyingine mlizipata kwa kumpa wakala wa forodha nyaraka kabla meli haijatia nanga. Na ukaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba aliyekuonyesha zile faili ni karani wa ghala. Dada, hiyo ndiyo posti yako. Ningeiandika hivi:

"Mpaka Machi, kipuri cha mashine ya kufungashia kilitumia siku 35 kufika ghalani kwetu. Siku 11 kati ya hizo hakikuwa baharini wala bandarini. Karatasi yake ilikuwa mezani, ikisubiri sahihi ya tatu.

Tuliligundua hilo baada ya karani wetu wa ghala kunitolea faili za oda kumi na mbili, nikaandika tarehe ya kila hatua. Kwa oda ndogo tukaondoa sahihi ya tatu. Pia tukaanza kumpa wakala wa forodha nyaraka kabla meli haijafika, tukaokoa siku 3 zaidi. Sasa ni siku 21.

Oda kubwa bado zinahitaji sahihi zote, na huko hatujapata dawa. Wenzangu wa viwandani, nyie mmefanyaje?"

Soma tena uangalie unyenyekevu uko wapi. Humo hakuna neno hata moja la kujishusha. Umesema "nikaandika tarehe ya kila hatua". Hilo ni tendo lako na umelidai wazi. Sifa imebaki yote, tena imeongezeka, kwa sababu msomaji wa ugavi ataona mwenyewe kwamba huyu mtu anajua kupeleleza mchakato. Umemwachia yeye kuwasha balbu. Nawaonya pia wanaokimbia upande wa pili, wakifuta roketi na kuandika "sistahili kabisa heshima hii" huku wakibandika picha ya cheti. Hayo ni majigambo yaliyovaa khanga, na wasomaji huyatambua haraka.

Kwa hiyo usifute emoji ukaacha sentensi zilezile. Fanya jaribio hili: nakili posti yako, ondoa emoji zote, isome kwa sauti. Sentensi ikisimama, emoji haikuwa na kazi. Sentensi ikianguka, emoji ilikuwa inaficha kwamba hapo hapana kitu, na kinachohitajika ni kurudi kwenye daftari lako kutafuta tarehe, kiasi au jina la kitu. Jaribio hilo lina faida nyingine. Msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini kama VoiceOver au TalkBack, husomewa emoji kwa majina yake. Vimetameta vikiwekwa mwanzo wa kila mstari, yeye anakatizwa kwa neno hilo kila mstari kabla hajafika kwenye habari.

Je, utapotea? Sitakudanganya: laiki zinaweza kupungua, hasa wiki za mwanzo. Posti ya roketi ni rahisi kuilaiki, kwa sababu haihitaji kusomwa. Rafiki anaona umefurahi, anabonyeza, anaendelea. Hiyo ni hisani ya kweli na usiidharau. Lakini fungua takwimu za posti zako, LinkedIn hukuonyesha vyeo na sekta za waliokuona. Linganisha posti tano za zamani na tano mpya. Usitazame jumla tu. Tazama kama kuna mameneja wa ugavi, watu wa viwanda, mawakala wa forodha, na kama kuna aliyeandika maoni yanayohusu kazi yenyewe. Oni moja la meneja wa ghala anayesema "sisi sahihi ya tatu tuliihamishia kwenye mfumo" lina thamani kubwa kwako kuliko hongera themanini.

Na kuna mahali ambapo ningeziacha emoji zilipo. Ukimpongeza yule karani siku akipandishwa cheo, weka vimetameta, weka hata roketi. Hapo wewe ni mpiga debe na gari si lako. Kwenye maoni chini ya posti ya mtu unayemfahamu, uso wa tabasamu hauna tatizo. Ukihamia kampuni changa ya programu ambako wote wanaandika hivyo wakizindua kitu, roketi moja itasomeka kama salamu ya pale. Kwa msomaji usiyemjua kabisa, kuwa mwangalifu hata na tabasamu: mwaka 2017 Ella Glikson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu barua pepe za kazi, wakakuta alama ya tabasamu haikumfanya mwandishi mgeni aonekane mchangamfu zaidi, ila ilimfanya aonekane hana umahiri mkubwa. Utafiti huo haukupima roketi, na ulihusu barua za watu wasiofahamiana. Usiupeleke mbali zaidi ya hapo.

Mawili yaliyobaki hayatatuliwi kwa maandishi yangu. Namba kama siku 35 na sahihi ya tatu ni mambo ya ndani ya mwajiri wako. Kabla ya kuziweka hadharani, mwone msimamizi wako ana kwa ana akuruhusu, hata kama jina la kiwanda halimo, kwa sababu limo kwenye profaili yako. La pili ni huyo mama. Usimjibu kwa ujumbe. Nenda kamsalimie, mpe simu yako ikiwa na posti ya zamani na hii mpya, na umwombe aweke kidole pale alipoacha kusoma katika kila moja.